TV ya 2019, Kivinjari cha 2016

TV ya LG iliyotengenezwa mwaka 2019 ina kivinjari kilichojengwa juu ya Chromium toleo la 53. Toleo hilo lilitoka mwaka 2016. Kwa hiyo siku mwenye TV alipofungua boksi na kubandua ile karatasi laini ya kioo, kivinjari alichokinunua kilikuwa tayari kimekaa takriban miaka mitatu, na tangu siku hiyo hakijasogea. Picha bado ni safi, sauti iko sawa, rangi hazijapauka. Lakini akifungua tovuti iliyotengenezwa juzi, kioo kinakuwa cheupe kama shuka.

Kinachofuata nyumbani kinafahamika. Mtu analaumu mtandao. Ruta inazimwa na kuwashwa, bando linaongezwa, na hatimaye kuna kijana wa mtaani anayeshauri TV irudishwe kwenye hali ya kiwandani, kazi inayofuta mipangilio yote na kukirudisha kivinjari kilekile cha 2016. Hakuna lolote kati ya hayo linalogusa chanzo, kwa sababu ukurasa umefika. Umeingia ndani ya TV salama salimini, ila aliyetumwa kuusoma hajui lugha uliyoandikiwa.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana wengi bado wanaufikiria ukurasa wa wavuti kama karatasi ya gazeti: maandishi na picha zinazoshushwa na kuonyeshwa. Zamani ilikuwa hivyo. Tovuti nyingi za leo zinaleta karatasi tupu pamoja na programu, na programu hiyo ndiyo inayoijaza karatasi ikishafika kwako. Ukichungulia ndani ya ukurasa wa namna hiyo, mwili wake mzima unaweza kuwa mistari miwili tu:

```
<div id="root"></div>
<script type="module" src="/assets/index.js"></script>
```

Mstari wa kwanza ni chombo kitupu. Wa pili unakiambia kivinjari kikalete programu ya kukijaza, na unaitaja kuwa ni ya aina ya `module`. Chrome ilianza kuelewa aina hiyo kwenye toleo la 61, Septemba 2017. Chromium 53 ikikutana na neno hilo haipigi kelele wala haitoi onyo. Kanuni ya wavuti inasema kivinjari kikikuta programu ya aina kisiyoijua, kiipite. Basi kinaipita. Chombo kinabaki kitupu, jina la tovuti linaonekana juu kwenye kichupo, na chini yake ni weupe mtupu. Mwenye TV anangoja ukurasa umalizie kufunguka, kumbe kwa hesabu za kivinjari kazi imeshakwisha.

Njia ya pili ya kufikia weupe huohuo ni alama ndogo. Waandishi wa programu za wavuti sasa wanaandika hivi bila kufikiri mara mbili:

```
const jina = mtu?.jina ?? "mgeni";
```

Maana yake ni kwamba kama kuna mtu, chukua jina lake, na lisipopatikana andika "mgeni". Alama `?.` na `??` ziliingia Chrome 80, Februari 2020. Kivinjari cha zamani kikizikuta hakisomi kinachoweza na kuacha kisichoweza. Kabla ya kutekeleza mstari wa kwanza lazima kilihakiki faili zima, na kikiona alama moja kisiyoijua kinalikataa lote, hata kama lina mistari elfu ishirini na alama hiyo imejificha mwishoni. Ujumbe wa kosa unaandikwa mahali ambapo mtazamaji wa TV hawezi kupafikia: `SyntaxError: Unexpected token .` Nukta moja imetosha kuangusha duka zima la mtandaoni.

LG wenyewe wanawatangazia watengenezaji wa programu ni injini gani imo ndani ya TV ya mwaka gani, na orodha hiyo inasomeka kama kumbukumbu ya kuachwa nyuma. TV za 2016 na 2017 zina Chromium 38. Za 2018 na 2019 zina 53, za 2020 zina 68, za 2021 zina 79. Itazame hiyo ya 2021: alama nilizotaja zilikuja toleo la 80. TV iliyouzwa mwaka mzima baada ya alama kuzaliwa ilizikosa kwa namba moja. Samsung nao hawana tofauti kubwa. TV zao za 2017 zilitoka na Chromium 47, za 2018 na 56, za 2019 na 63.

Swali la haki ni kwa nini kivinjari cha simu kinasasishwa kila wiki chache ilhali cha TV kinaachwa kife na kifaa chake. Jibu limo katika namna TV inavyojengwa. Kwenye simu, Chrome ni programu inayojitegemea, unaweza kuisasisha peke yake na kuweka nyingine kando yake. Kwenye TV zinazotumia webOS au Tizen, injini ya wavuti ni nguzo ya nyumba. Programu nyingi unazoziona pale kwenye menyu, za filamu, redio na habari, kwa ndani ni kurasa za wavuti zinazoendeshwa na injini ileile. Mtengenezaji akiibadilisha injini, itambidi azijaribu upya programu zote, kwenye kila modeli, kwenye chipu dhaifu yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja au moja na nusu, kwa mteja ambaye ameshalipa na harudi tena dukani mpaka miaka saba ipite. Kibiashara, kuiacha kama ilivyo ni rahisi zaidi. Miaka ya karibuni LG na Samsung wameanza kuahidi masasisho ya miaka kadhaa kwa baadhi ya modeli mpya, jambo jema kwa atakayenunua leo, ila halimfikii mwenye TV ya 2018.

Hiyo pia ndiyo sababu programu ya video inacheza vizuri kwenye TV ileile ambayo kivinjari chake kimekwama. Wenye huduma kubwa wanajua injini za zamani bado zimejaa sebuleni, kwa hiyo wanaiandika programu yao ya TV kwa lugha ya zamani na kuijaribu kwenye TV za zamani. Mwenye tovuti ya chuo, ya idara ya serikali au ya gazeti hana sababu ya kufanya hivyo. Wageni wake karibu wote wanaingia kwa simu.

Mashine za gemu zina kisa chao, na hakihitaji maneno mengi. PlayStation 4 ina kivinjari kinachofungua kurasa nyepesi na kujikwaa kwenye nzito. PlayStation 5 haikuwekewa kivinjari kwenye menyu yake kabisa, na Nintendo Switch vilevile. Huenda hofu kubwa hapo ni wadukuzi, kwani kivinjari ndicho mlango ambao mashine hizi zimevunjwa kupitia kwake mara nyingi. Switch ilipotoka Machi 2017, ndani yake mlikutwa injini ya wavuti yenye tundu lililokuwa limeshajulikana mwaka uliotangulia, lilelile lililotumiwa na programu ya ujasusi ya Pegasus dhidi ya simu za iPhone. Ni Xbox pekee iliyokwenda njia nyingine: mwaka 2021 ilipewa Edge iliyojengwa juu ya Chromium, na hiyo inasasishwa. Mwenye Xbox One au Series aliyeiunganisha na TV yake anaweza kuishia hapa, maana kivinjari cha kweli anacho tayari.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, ni vizuri kujua TV yako inaumwa nini hasa, maana si kila kushindwa ni kwa aina hii. Andika kwenye kivinjari cha TV anwani `http://neverssl.com`. Huo ni ukurasa mwepesi sana, usio na usimbaji wala programu nzito. Usipofunguka, basi kweli tatizo ni mtandao, na ruta inastahili lawama zake. Ukifunguka, nenda `http://httpbin.org/user-agent`. Utaandikiwa mstari ambao kivinjari hutumia kujitambulisha, unaofanana na huu:

```
Mozilla/5.0 (Web0S; Linux/SmartTV) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/53.0.2785.34 Safari/537.36 WebAppManager
```

Unachotafuta ni namba inayofuata neno `Chrome`. (Hiyo `Web0S` yenye sifuri mahali pa herufi O si kosa la chapa, ndivyo LG wanavyoiandika.) Ikiwa chini ya 61, tarajia weupe mara kwa mara. Ikiwa kati ya 61 na 79, baadhi ya tovuti zitafunguka na nyingine hazitafunguka, bila mpangilio unaoeleweka kwa mtazamaji. Baadhi ya TV za Samsung za zamani hazitaji Chrome kabisa katika mstari huo, na hapo utautegemea mwaka wa modeli.

Dalili ya pili ni onyo la usalama: TV inasema muunganisho si wa kuaminika au cheti hakikubaliki. Kitu cha kwanza cha kutazama ni tarehe ya TV. Kila tovuti yenye usimbaji huonyesha cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na TV inayodhani tupo mwaka 2015 itaviona vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza. Hili ndilo kosa pekee katika habari hii yote linalotibika kwa rimoti: ingia kwenye mipangilio, rekebisha saa, umemaliza. Kama tarehe ni sahihi na onyo linabaki, TV imeishiwa na orodha ya watoa vyeti inaowaamini. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti cha zamani kilichokuwa kikidhamini vile vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, na vifaa ambavyo havikuwa na mdhamini mpya katika orodha yao vikaanza kuzikataa tovuti zisizo na kosa lolote. Orodha hiyo huja na sasisho la mfumo. Kama sasisho limekoma, nayo imekoma.

Dalili ya tatu ni ukurasa unaoanza vizuri, picha zinajitokeza, halafu ghafla kivinjari kinajifunga na kukurudisha kwenye menyu. Hapo lugha imeeleweka, kilichokosekana ni nafasi ya kumbukumbu. Kuzima TV kwa kuichomoa ukutani na kuiwasha upya kunasaidia kwa muda, na kufuta data za kivinjari kunasaidia kidogo. Kwa weupe wa mwanzo, haya yote hayana kazi.

Basi afanyeje mtu? Kwanza asipoteze jioni akitafuta namna ya kuweka Chrome mpya ndani ya TV ya webOS au Tizen. Duka la programu la TV haliitoi. Njia zinazofanya kazi kweli zote zina wazo moja: TV ibaki kioo tu, na kivinjari kiendeshwe na kifaa kingine. Kipi, inategemea unataka kufanya nini.

Kama ni jambo la mara moja, kama vile familia kutaka kuona pamoja matokeo ya kidato cha nne au kumwonyesha bibi picha za harusi, simu inatosha kwa kuakisi kioo chake kwenye TV. Kwenye TV ya LG unafungua programu iitwayo `Screen Share`, kwenye simu ya Samsung unagusa `Smart View`, na simu nyingine nyingi za Android zina kitu hicho kwa jina jingine. Vifaa viwili vinaongea moja kwa moja hewani, havihitaji ruta, na kuakisi kwenyewe hakuli bando, kinachokula ni ule ukurasa unaofunguliwa na simu. Kuakisi kuna taabu zake. Simu ikizima kioo picha inakatika, betri inashuka haraka, picha inachelewa kidogo nyuma ya kidole, na programu za filamu za kulipia huweza kuonyesha kioo cheusi kwa makusudi.

Watu wanachanganya kuakisi na kurusha, yaani ile alama ya kimstatili chenye mawimbi kwenye programu za video. Ukirusha, simu inaipa TV anwani tu, na TV yenyewe inakwenda kuichukua video mtandaoni. Simu unaweza kuiweka mfukoni. Ila kurusha kunahusu video ya programu inayokubali jambo hilo. Hakutakufungulia tovuti ya kujisajili chuo.

Wengi hukimbilia kebo, na hapa ndipo pesa hupotea bure. Dukani utaonyeshwa kebo ya kutoka tundu la USB-C la simu hadi HDMI. Kebo si mbovu, ila itafanya kazi kwenye simu ambayo tundu lake linaweza kutoa picha, na simu nyingi za bei ya chini na ya kati haziwezi, hata kama tundu lina umbo lilelile. Tundu linafanana kwa nje, waya za ndani hazifanani. Nenda dukani na simu yako, chomeka kwenye TV ya muuzaji, uone picha kwa macho yako kabla hujalipa.

Kwa maoni yangu, jibu bora kwa nyumba nyingi ni laptopu ya zamani iliyolala kabatini. Iwe na tundu la HDMI na kumbukumbu ya gigabaiti 4, hata kama betri imekufa, kwa kuwa itakaa imechomekwa ukutani nyuma ya TV. Lakini angalia mfumo wake kwanza. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo laptopu yenye Windows 7 inaelekea kulekule ilikokwenda TV, ila kwa mwendo wa polepole. Iweke Linux Mint, ambayo ni bure, na kivinjari kitaendelea kusasishwa. Kisha kuna mambo matatu ambayo karibu kila mtu hukutana nayo siku ya kwanza. Sauti inabaki kutokea laptopu mpaka uingie kwenye mipangilio ya sauti na kuchagua HDMI. Kingo za picha zinakatwa, upau wa chini hauonekani, na dawa yake iko upande wa TV: kwenye LG chagua ukubwa wa picha uitwao `Just Scan`. Na maandishi ni madogo mno kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, hivyo bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka kivinjari kifike asilimia 150 hivi. Kibodi na kipanya visivyo na waya vikishapatikana, sebule imepata kompyuta ya inchi 43.

Asiye na laptopu atanunua kijiti au kisanduku cha Android TV, na soko hili lina wezi. Visanduku vya bei chee visivyoidhinishwa na Google, vinavyojisifia chaneli za bure za dunia nzima, baadhi yake hutoka kiwandani vikiwa na programu hasidi inayotumia intaneti ya nyumba yako kwa kazi za wahalifu. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuhusu mtandao wa vifaa vya namna hiyo uitwao BADBOX 2.0. Kilichoidhinishwa utakitambua kwa kuwa kina Play Store ya kweli na ndani ya mipangilio yake kinasema kimethibitishwa. Chagua chenye gigabaiti 2 za kumbukumbu au zaidi, maana chenye moja kitakurudisha kwenye ile dalili ya tatu. Chrome ya kawaida haipatikani kwenye duka la Android TV, lakini kuna TV Bro, kivinjari kilichotengenezwa kuendeshwa kwa rimoti, kinachoweza kutumia injini ambayo Play Store huisasisha yenyewe. Na usikichomeke kijiti kwenye tundu la USB la TV ili kipate umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 limekusudiwa kutoa nusu ampea, kijiti kinataka zaidi, na matokeo yake kinajizima na kujiwasha katikati ya ukurasa hadi mtu aamini kuwa ni kibovu. Tumia chaja iliyokuja nacho.

Ipo njia ya mafundi pia: programu ya Browservice inawekwa kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Linux, inafungua ukurasa huko kwa kivinjari kipya, kisha inaipelekea TV picha ya ukurasa tu. Waliotumia Opera Mini kwenye simu za vibonye watalitambua wazo hilo, kwani nayo huupika ukurasa kwenye seva ya mbali na kukuletea uliokwisha kuiva. Inafurahisha kuona TV ya 2016 ikifungua tovuti ya leo kwa ujanja huo, lakini kila herufi unayoandika inasafiri ndani ya mtandao wa nyumbani bila kufichwa, kwa hiyo si mahali pa nywila. Kwa kweli hata kivinjari chenyewe cha TV si mahali pa nywila. Injini ya 2016 imeachwa na mashimo mengi ya usalama yaliyogunduliwa baadaye, na kuingia kwenye akaunti ya benki kupitia humo ni kuhesabia pesa dirishani.

Ukienda kununua TV ya mtumba kutoka Ulaya au Dubai, muuzaji atakufungulia kivinjari kukuonyesha kuwa ni smati. Mwache amalize, halafu izungushe TV na uhesabu matundu ya HDMI. Moja litachukuliwa na king'amuzi. Lazima libaki jingine, na ulijaribu palepale kwa kebo yako, kwa sababu tundu lililoungua ni ugonjwa wa kawaida wa TV zilizokwisha kutumika, na hilo ndilo litakalobeba kivinjari chako.